Nilisaini Mwenyewe

Mstari wenyewe ni mfupi. Uko kwenye mahojiano ya saba, na kwa wiki tatu ulikaa kwenye jedwali langu ukisomeka hivi: "Nilisaini mwenyewe." Pembeni yake, kwenye safu ya misimbo, nilikuwa nimeandika neno moja tu: ridhaa.

Aliyesema ni mama mmoja wa Mbagala, muuza vitumbua, aliyekopa laki tatu kwenye ile mikopo ambayo mtaani tumeibatiza kausha damu. Aliruka marejesho ya wiki mbili, wakaja wakabeba friji na godoro. Tulikaa barazani kwake dakika 41, simu yangu ikirekodi, bodaboda zikipita, mjukuu wake akija kila mara kudai mia ya barafu. Alikuwa mmoja kati ya wanawake 19 niliozungumza nao kwa ajili ya makala ndefu kuhusu mikopo hiyo, na kwenye faili zangu jina lake ni M07.

Kwa kawaida sisi waandishi wa habari hatuna habari na misimbo. Unarudi na rekodi, unasikiliza huku ukiwinda nukuu tamu, ukipata tatu nzuri umemaliza kazi. Tatizo nililiona mapema safari hii. Kati ya wale 19 walikuwepo watatu wenye kipaji cha kusimulia, na nilijua kabisa makala ingekuwa yao. Wale waliokuwa wanajibu kwa mkato, "ndo hivyo", "basi tu", wangeishia kuwa takwimu: "wanawake wengine pia walisema." Rafiki yangu anayefundisha utafiti chuoni akaniambia, kama unataka kuwasikia wote, fanya uchambuzi wa dhamira. Akanitumia makala ya Virginia Braun na Victoria Clarke ya mwaka 2006, ile ambayo karibu kila mtafiti wa mahojiano anaitaja. Humo kuna hatua sita, na ukizisoma zinaonekana nyepesi: soma mahojiano yote mpaka uyazoee, weka misimbo kwenye vipande vya maneno, kusanya misimbo inayoelekeana iwe dhamira za awali, zirudishe kwenye mahojiano uone kama zinasimama, zipe majina, andika.

Neno dhamira lilinifurahisha, nakiri. Wengi wetu tunaosoma blogu kama hii tulilikuta kwenye somo la Kiswahili sekondari, na tulilikuta vibaya. Tulifundishwa kwamba kabla hujafungua riwaya dhamira zake unazijua: ukombozi wa mwanamke, rushwa, mapenzi, umaskini. Kazi yako ni kutafuta ukurasa wa kuthibitisha. Nilibeba tabia hiyo mpaka kwenye mahojiano haya, nitaieleza mbele. Ila kwanza ilibidi nisafishe.

Nakala zilinukuliwa na vijana watatu, kila mmoja na mkono wake. Wa kwanza aliandika kila kitu mpaka kikohozi. Wa pili aliweka alama ya muda kila baada ya sekunde kadhaa, ikikata sentensi katikati. Wa tatu, mhitimu wa Kiswahili, alinisahihishia watu. Sijui niseme nini kuhusu huyu wa tatu. Kazi yake ndiyo ilikuwa inasomeka vizuri kuliko zote, na ndiyo ilinipa hasara kubwa. Pale mama aliposema "wanakujaga usiku", yeye aliandika "walikuja usiku". Kwa sarufi ya shuleni hana kosa. Lakini ile -ga ya mtaani ndiyo inayobeba habari yote: wanakuja, wanarudi, ni mazoea yao. Baada ya kusahihishwa, manyanyaso ya miezi minne yakawa tukio la usiku mmoja. Niligundua kwa sababu mama huyohuyo, ukurasa wa mbele, anasema alihamia kulala kwa dada yake "miezi yote hiyo". Mtu hahami nyumba miezi kwa ajili ya ugeni wa siku moja. Nikarudi kwenye rekodi, nikaisikia -ga mara sita.

Kuanzia hapo nikajiwekea kanuni: tahajia nitasawazisha, sarufi sigusi. Yaani "saivi", "sahivi" na "sa hivi" zote ziwe "sahivi", ili nikitafuta neno kwenye kompyuta nilipate kila lilipo. Lakini "wanakujaga" ibaki ilivyo, na "tulikuwa tunaendaga" vilevile. Nakala ghafi nikaziweka kwenye folda yake, zisiguswe, na kila usafi nikaufanya kwenye nakala ya pili. Hilo la folda mbili ndilo jambo moja la busara nililofanya mwezi ule, na nililifanya kwa woga tu, si kwa ujuzi.

Woga ulikuwa na sababu. Siku ya kwanza ya usafi niliamua kuondoa migugumizo: "aa", "ee", "mm". Nakala za yule kijana wa kwanza zilijaa hivyo vitu mpaka macho yanauma. Nikaiambia kompyuta itafute "aa" popote ilipo iifute. Ikafuta. Nikafungua mahojiano ya pili nikakuta mama anasema, "Tulilala nj siku mbili." Njaa ilikuwa imekatwa mkia. Saa zote zimekuwa "s". Nilipofanya hivyohivyo kwa "ee", kila mzee akageuka "mz". Nilicheka peke yangu chumbani, nikafuta folda nzima, nikaanza upya na ghafi.

Mara ya pili nikatumia programu inayokubali kutafuta kwa ruwaza, nikaandika hivi:

```
\b([Aa]a+h?|[Ee]e+h?|[Mm]m+h?)\b
```

Ile `\b` huashiria mpaka wa neno, kwa hiyo "aa" inafutwa ikisimama peke yake tu, na "njaa" inapona. Ikafanya kazi vizuri sana. Kilichobaki ni nukta na mikato iliyokuwa inaning'inia mwanzoni mwa majibu, maana neno limeondoka na alama yake imebaki. Nikatumia ruwaza nyingine kuzifuta hizo nazo. Kurasa zikawa safi. Nikajisifu.

Majina yalikuwa balaa lingine. Niliwaahidi wote kwamba majina hayatatoka, nikatengeneza faili moja lenye funguo, jina halisi na namba yake, nikaliwekea nywila na kulihifadhi mbali na mahojiano. Kisha nikaanza kubadilisha. Sasa majina yetu mengi ni maneno ya kila siku. Tuseme mmoja wao aliitwa Subira (hakuitwa hivyo). Ukiiambia kompyuta ibadilishe Subira yote iwe M12, utakuja kukuta mama wa watu anajifariji kwa kusema, "M12 huvuta heri." Na ukiwa na akina Neema, Amani, Baraka na Zawadi kwenye kundi moja, huna njia ila kupita jina kwa jina kwa jicho lako. Inachukua siku nzima. Na hata hapo hujamaliza, kwa sababu mtu hatambulikani kwa jina tu. "Yule mwenye mguu mbovu anayeuza vitumbua karibu na msikiti" ni anwani kamili kwa mtu wa mtaa ule. Nami hapa nimebadilisha alichokuwa anauza, ili niweze kumsimulia.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuweka misimbo. Jedwali langu lilikuwa na safu nne: namba ya mhojiwa, mstari, maneno yake, msimbo. Niliweka majibu peke yake, maswali yangu niliyaacha nje; niliona hayana kazi, mimi si mada. Mzunguko wa kwanza nilipata misimbo 30 na kitu, na hapa ndipo sekondari iliponirudia. Ukiitazama orodha ile utadhani ni majibu ya mtihani: umaskini, nafasi ya mwanamke, ukosefu wa elimu, ridhaa, tamaa. Rafiki yangu aliipitia dakika mbili akaniuliza swali moja lililonikera: "Hii si ungeweza kuiandika kabla hujaenda Mbagala?" Ningeweza. Alinieleza tofauti ambayo Braun na Clarke wenyewe wanaisisitiza, kwamba mada na dhamira si kitu kimoja. "Umaskini" ni mada, ni kapu, unatupia humo chochote kinachohusu kukosa hela. Dhamira ina wazo ndani yake linaloshikilia vipande pamoja. Inasema jambo kuhusu umaskini, na ingeweza kukanushwa.

Akanishauri nirudi nitumie maneno ya wahojiwa wenyewe kama misimbo, pale inapowezekana. Kwa hiyo "umaskini" ukavunjika: kwingine ukawa "hela ya kuzungusha", kwingine "kukopa kulipa mkopo", kwingine "kuficha jiko". Hii ya mwisho ilitoka kwa wanawake watatu waliokuwa wakihamishia jiko la gesi kwa jirani siku ya marejesho ili likosekane ndani. Ukiwa na msimbo "umaskini" huwezi kuliona hilo jiko.

"Ridhaa" niliiacha. Ilikuwa na mistari 11, na ilionekana imara. Wanawake 9 kati ya 19 walisema kwa namna moja au nyingine kwamba karatasi walisaini wenyewe. Nilishaanza hata kuandika aya kichwani: kwamba mikopo hii haiwakuti watu kwa bahati mbaya, wanaiendea kwa miguu yao wakijua. Ni aya ambayo ingependwa. Ina ule ukali wa mwandishi asiyewaonea watu huruma ya bure.

Kilichoniokoa ni utaratibu wa kazi yangu ya kila siku, wala si ule wa utafiti. Nukuu kabla haijachapwa inasikilizwa tena. Nilitaka kumnukuu M07, nikafungua rekodi, nikasogeza mpaka dakika ya 23. Nikasikia hivi:

Mimi: Na hiyo karatasi, walikulazimisha kusaini?

M07: Ee. Nilisaini mwenyewe.

Nilirudisha nyuma mara nne au tano. Halafu nikafungua nakala ghafi. Kijana alikuwa ameandika sahihi kabisa, "Ee. Nilisaini mwenyewe." Ruwaza yangu ndiyo iliyopita hapo, ikaona "Ee", ikadhani ni mgugumizo, ikafuta. Ikabaki nukta mwanzoni mwa jibu, ambayo ingenishtua kama ningeiona. Ruwaza ya pili ikaifuta nukta. Na kwa kuwa swali langu sikuliweka kwenye jedwali, ushahidi wote ukawa umeondoka.

Ee ni ndiyo. Hili analijua mtoto wa miaka miwili. Kwa Kiswahili cha barazani "ee" ni ndiyo, "a-a" ni hapana, "mhm" ni ndiyo na "mh-mh" ni hapana, na watu waliochoka hujibu hivyo kuliko wanavyojibu kwa sentensi. Nilikuwa nimefuta ndiyo na hapana za wanawake 19, mimi mwenyewe, kwa mstari mmoja, nikauita usafi.

Ukiweka swali na jibu lililokatwa pamoja, ndo utaona ubaya wake. "Walikulazimisha?" "Nilisaini mwenyewe." Hapo amekana. Rudisha Ee: amekiri kulazimishwa, kisha akaongeza jambo. Maneno mawili ya mwisho ni yaleyale, maana imegeuka.

Basi nikaanza mara ya tatu. Safari hii sikufuta kitu chochote kwa mkupuo. Niliiagiza kompyuta inionyeshe kila "ee", "aa" na "mm" mmojammoja, huku rekodi ikiwa wazi pembeni, nami niamue. Mgugumizo wa kweli huwa unaburuzwa na sentensi inaendelea palepale. Jibu hukatika, na baada yake kuna pumzi. Ilinichukua siku 6. Maswali yangu nayo yakaingia kwenye jedwali, kila jibu na swali lake. Nilikuta majibu 27 ambayo yalikuwa yamefutwa kabisa, mstari mtupu, na mengine kadhaa ambayo yalikuwa yamegeuka kama lile la M07. Pia nilikuta "-a" nyingi zinazoelea peke yake. Kijana wa pili alikuwa anaandika hapana kama "aa-a". Ruwaza ikala nusu ya kwanza. Nilikuwa nimeziona tangu mwanzo nikadhani ni makosa ya uchapaji. Kwa mwenye kazi ya namna hii, niseme tu: alama yatima kama hiyo ukiikuta, irudie rekodi kabla hujaifuta.

Msimbo wa "ridhaa" ukavunjika. Nilitafuta mzizi wa neno, "saini", kwa sababu kitenzi chetu kinajificha ndani ya viambishi na ukitafuta "nilisaini" peke yake unakosa nusu. Zikaja "nilisaini", "nikasaini", "nilisainishwa", "wakanisainisha". Katika jedwali la kwanza zote zilikuwa chini ya msimbo mmoja, kana kwamba kutenda na kutendeshwa ni jambo lilelile. Nikazitenganisha. Kisha nikatafuta "mwenyewe". Lilikuwa mara nyingi, na mengi hayakunihusu ("mwenyewe nyumba", "mpaka mwenyewe aje"), lakini pale lilipokaa karibu na kusaini, karibu kila mara lilikuja baada ya kukubali kwamba kulikuwa na msukumo. Nililazimishwa, nikasaini mwenyewe. Nilisukumwa, ila mkono ni wangu. Nilianza kuona dhamira, na niliipenda: watu hawa wanabeba lawama kwa mkono uliosaini, wakati nguvu ilitoka kwa wakopeshaji.

Nikampigia M07. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba naweza kurudi kuuliza. Nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, tukaulizana hali, mjukuu kaanza shule. Nikamwambia kuna mahali pamenitatiza, nikamsomea swali langu na jibu lake. Nikamuuliza, wale maofisa walikulazimishaje, walikutisha?

Akanyamaza kidogo.

"Maofisa gani? Wale vijana hawakuwa na neno, walikaa na kalamu yao wanasubiri. Ni wenzangu. Kikundi chetu tulikuwa watano, na hela haitoki mpaka wote watano tusaini. Mimi nilitaka nirudi nyumbani nikafikirie. Wakaniambia wewe unatuchelewesha, mwenzako mtoto yuko hospitali. Mmoja akanishikia kalamu. Sasa hapo ningefanyaje? Nikasaini. Mwenyewe."

Kwenye swali langu nilisema "walikulazimisha" bila kusema nani. Kiswahili kinaruhusu, ile wa- inatosha, msikilizaji anajaza mwenyewe. Mimi nilimjaza ofisa. Yeye akamjaza jirani yake. Tukaongea dakika 41 kila mtu na wa- yake, na nakala ikawa safi kabisa kwa sababu hakuna neno lililokosekana.

Nilirudi kwenye jedwali nikaongeza safu ya tano, nikaiita "wa- nani?". Nikapita kila "walinilazimisha", kila "wakaniambia saini", kila "nilisainishwa", ambayo yenyewe haina hata hiyo wa-. Kwenye mahojiano 6 mhusika anatajwa waziwazi hapohapo au sentensi mbili nyuma: mara 2 ni ofisa, mara 4 ni mwanakikundi au mwenyekiti wa kikundi. Ile dhamira yangu niliyoipenda haikusimama. Kilichokuwa kinajitokeza ni kitu kingine, kigumu zaidi kukiandika. Dhamana ya kikundi inafanya kazi ya kulazimisha kabla hata deni halijaanza, na wanaoifanya ni wanawake wenyewe kwa wenyewe, ambao kesho yake wanaazimana chumvi. Ndiyo maana hawawataji. M07 aliponiambia hayo kwenye simu aliniomba nisiandike ni nani aliyeshika kalamu, ingawa nisingeweza hata kumjua.

Kwenye mahojiano 3 yaliyobaki sikuweza kujua. Wawili niliwapigia. Mmoja akasema ni muda mrefu, hakumbuki. Mwingine akacheka, akaniuliza makala inatoka lini, akaniambia yupo kwenye daladala tutaongea. Mstari wake bado upo kwenye jedwali, na kwenye safu ya tano kuna alama ya kuuliza.